Jirani ana maziwa machache, kwa nini mgao wake umezidi wangu?

Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanachama wa chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa huku Arumeru. Kwenye mkutano mkuu tulitangaziwa kuwa chama kimepata ziada ya shilingi milioni 24. Asilimia 45 inabaki kwenye mifuko ya chama, hisa zinapata gawio la asilimia 8, na kinachobaki kinagawanywa kama bonasi ya maziwa, shilingi 20 kwa lita, kwa lita 480,000 zilizopokelewa mwaka mzima.

Hisa moja ni shilingi 10,000. Januari nilikuwa na hisa 30, nikaongeza 10 mwanzoni mwa Oktoba, mwezi uleule tuliopewa kadi mpya zenye namba mpya. Walisema hisa zilizonunuliwa katikati ya mwaka zinahesabiwa kwa miezi. Daftari langu linaonyesha nimepeleka lita 3,100. Kwenye simu zimeingia shilingi 71,300, bila maelezo. Jirani yangu kapeleka lita 900 tu, ila ana hisa 120 za tangu zamani, naye kapata 114,000! Nikimuuliza karani ananijibu, "Kompyuta ndiyo imetoa." Halafu pale kituoni hata wasio wanachama wanauza maziwa, sijui kama nao wamo kwenye hizo lita. Sijasomea uhasibu. Nitajuaje kama nimedhulumiwa?

Mama Furaha, Arumeru

*

Marahaba, Mama Furaha.

Jirani yako hajakudhulumu. Tena huyo ndiye shahidi wako mzuri kuliko wote, kwa hiyo tuanze naye kabla ya kugusa hesabu yako.

Ziada ya chama hugawanywa kwa mikono miwili, na kila mkono una kipimo chake. Gawio hufuata hisa: uliweka mtaji kiasi gani. Bonasi hufuata biashara: umefanya kazi na chama kiasi gani, na kwa wafugaji maana yake ni lita. Hata Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavitenganisha vitu hivi viwili. Mtu anaweza kuwa mkubwa kwa hisa na mdogo kwa lita, au kinyume chake, na ndivyo mlivyo wewe na jirani yako.

Hisa 120 ni shilingi 1,200,000. Asilimia 8 yake ni 96,000. Lita 900 mara shilingi 20 ni 18,000. Jumlisha: 114,000. Hiyo ndiyo aliyopokea, haikupungua wala kuzidi hata shilingi moja. Kwa hiyo viwango vilivyotangazwa mkutanoni ndivyo vilivyotumika kweli kwenye malipo. Hakuna aliyepunguza asilimia 8 ikawa 7 kimyakimya, wala shilingi 20 ikawa 16. Wala malipo hayakutolewa nusunusu kwa sababu kiwanda kinachonunua maziwa hakijamaliza kulipa, jambo ambalo hutokea sana na lingeweza kuwapunguzia nyote kwa uwiano mmoja. Ukiona mwenzako mmoja amelipwa sawasawa kwa viwango vilivyotangazwa, kanuni imepita mtihani. Kama kuna kasoro kwenye malipo yako, itafute kwenye kumbukumbu zako ndani ya vitabu vya chama.

Sasa zamu yako. Zile hisa 30 za mwaka mzima ni shilingi 300,000, na asilimia 8 yake ni 24,000. Hisa 10 za Oktoba ni shilingi 100,000. Zingekaa mwaka mzima zingeleta 8,000, lakini zimekaa miezi mitatu tu, yaani robo ya mwaka, basi zinaleta 2,000. Gawio lako ni 26,000. Bonasi ni lita 3,100 mara 20, yaani 62,000. Ulistahili 88,000. Umepata 71,300. Pengo ni shilingi 16,700.

Watu wengi wakifika hapa hukimbilia ofisini na kuanza kugomba. Subiri kidogo, maana hilo pengo lenyewe linaweza kukuambia lilikotoka.

Jaribu kwanza upande wa hisa. Gawio lako lote ni 26,000. Kama kosa lote lingekuwa kwenye hisa, maana yake wangekulipa gawio la 9,300 tu, yaani karibu theluthi mbili ya hisa zako zingekuwa zimepotea kitabuni. Si muhali, lakini ni vigumu kuamini kwa hisa zilizokaa mwaka mzima. Jaribu upande wa maziwa: gawanya 16,700 kwa shilingi 20, unapata lita 835 kamili, bila sehemu ya lita. Lita 835 ni kama maziwa yako ya miezi mitatu, maana wastani wako ni lita 258 hivi kwa mwezi. Na miezi mitatu ya mwisho wa mwaka ndiyo miezi ya kadi mpya.

Unaona ninakoelekea. Chama kinapobadilisha namba za wanachama katikati ya mwaka, kila mtu huwa na maisha mawili kitabuni: Januari hadi Septemba kwa namba ya zamani, Oktoba hadi Desemba kwa namba mpya. Anayeandaa orodha ya malipo anapaswa kuziunganisha. Akisahau, au akiunganisha kwa jina na jina lako likawa limeandikwa tofauti kwenye kadi mpya (majina matatu badala ya mawili, au herufi moja imeruka), robo ya mwisho ya mwaka wako hubaki imesimama peke yake kwenye mstari ambao hauna namba ya simu wala mtu wa kulipwa. Karani hasemi uongo anaposema kompyuta ndiyo imetoa. Lakini kompyuta imetoa kwa kadiri ya ilichoingiziwa.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kuangalia hapo, na usikipite haraka. Zile hisa 10 nazo ulinunua Oktoba. Inawezekana zimeandikwa kwenye namba mpya. Kama ndivyo, mstari wa namba mpya umemeza pia ile 2,000 ya gawio, na sehemu ya maziwa kwenye pengo lako inabaki 14,700, sawa na lita 735. Kwa hiyo una majibu mawili yanayowezekana, na daftari lako ndilo litakaloamua. Jumlisha lita za Oktoba, Novemba na Desemba peke yake. Zikiwa 835, hisa zako zote zimehesabiwa na tatizo ni maziwa tu. Zikiwa 735, tatizo ni maziwa pamoja na hisa mpya. Zikiwa kitu kingine kabisa, sema 790, basi nadharia yangu ya kadi haitoshi na inabidi kutazama kwingine.

Kwingine ni wapi? Nitataja sehemu tatu, kwa sababu nimeziona zikijirudia.

Ya kwanza ni makato. Pesa iliyoingia kwenye simu ni ile iliyobaki baada ya madeni. Kama uliwahi kuchukua pumba, mashudu au dawa ya kuogeshea kwa mkopo wa chama, huenda wamejilipa humo humo bila kukuambia. Hilo halitaonekana kwenye simu. Linaonekana kwenye taarifa ya mwanachama, yaani ule ukurasa wa ofisini wenye stahili yako kabla ya makato, makato yenyewe na kilicholipwa. Omba huo kabla ya kitu chochote. Ukikuta stahili imeandikwa 88,000 na makato 16,700, mjadala wote umegeuka: hujapunjwa bonasi, unadaiwa, na swali linakuwa kama deni ni la kweli na kama masharti ya chama yanaruhusu kulikata hapo. Kodi nayo, kama imekatwa, iwe na mstari wake na jina lake, si kufichwa ndani ya jumla.

Ya pili ni maziwa yaliyokataliwa. Wewe unaandika daftarini unapotoka nyumbani au unapofika kituoni? Maziwa yakishindwa kipimo cha alkoholi au laktomita ikaonyesha yamechanganywa na maji, hurudishwa, na kitabu cha kituo hakiyahesabu. Kama daftari lako linaandika kilichobebwa na si kilichopokelewa, tofauti itakuwepo. Tena kuna vituo vinavyopima kwa mizani na vingine kwa jagi. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo anayechanganya kilo na lita atakosea kwa asilimia 3 hivi. Hapa ukubwa wa pengo unakusaidia kuchuja. Lita 835 kati ya 3,100 ni asilimia 27. Mizani haileti pengo la namna hiyo, na kama maziwa yako yangekuwa yanakataliwa kwa kiwango hicho ungejua bila kuniuliza.

Ya tatu ni kosa ambalo watu wa ofisini hawapendi kulisikia. Orodha ya malipo mara nyingi hutengenezwa kwenye jedwali la kompyuta lenye safu ya majina, safu ya lita, safu ya hisa na safu ya malipo. Mtu akipanga majina kwa alfabeti bila kuzichagua safu zote pamoja, majina yanahama na lita zinabaki zilipokuwa. Kuanzia hapo kila mtu ana lita za mwenzake. Dalili yake ni rahisi: lita zilizoandikwa mbele ya jina lako si zako hata kidogo, hazilingani na mwezi wowote wala jumla yoyote ya daftari lako, na aliye juu au chini yako kwenye orodha analalamika vilevile. Kwako sidhani ndilo tatizo, kwa sababu jirani yako katoka sawasawa. Safu zikihama, ni nadra mtu aliyehamishwa alipwe kwa usahihi wa shilingi.

Basi ukienda ofisini usiulize, "Kwa nini nimepata kidogo?" Swali hilo lina majibu mia moja ya kukupoza. Omba vitu vitatu vya kwako mwenyewe: lita zako mwezi kwa mwezi kwa namba ya zamani na kwa namba mpya, daftari la hisa linaloonyesha tarehe ya kila ununuzi, na taarifa yako ya mgao kabla na baada ya makato. Nenda na daftari lako pamoja na risiti za kituo, na risiti ya zile hisa 10. Angalia pia kwenye hiyo risiti kama malipo yaliandikwa "hisa" na siyo "akiba" au "kiingilio", maana kiingilio hakipati gawio hata kidogo, na akiba ina taratibu zake.

Hayo ni ya pochi yako. Lakini umeuliza jambo jingine mwishoni, la wasio wanachama, na umelisema kama la kupita tu. Kwangu mimi hilo ndilo zito kuliko lako binafsi, kwa sababu linawagusa wote.

Ngoja tuirudishe hesabu ya chama nyuma, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Asilimia 45 ya milioni 24 ni 10,800,000. Zinabaki 13,200,000 za kugawanywa. Shilingi 20 kwa lita 480,000 ni 9,600,000. Kwa hiyo fungu la hisa lazima liwe 3,600,000, na kama hiyo ni asilimia 8, hisa zote za chama zilizohesabiwa ni 45,000,000. Tarakimu hiyo hukutajiwa mkutanoni, lakini umeipata. Fungua mizania iliyokaguliwa, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji wa chama, tafuta mstari wa mtaji wa hisa, ulinganishe. Ukikuta milioni 46 au 47 usishtuke, maana mizania huonyesha hisa zilizopo siku ya mwisho ya mwaka, na zilizonunuliwa Novemba kwenye mgao zinahesabiwa kwa miezi miwili tu. Ukikuta milioni 38, hapo pana jambo. Asilimia 8 ya milioni 38 ni 3,040,000, na kuna 560,000 iliyotengwa kwa ajili ya hisa ambazo hazipo.

Upande wa lita ndiko kwenye swali lako. Je, zile lita 480,000 ni za wanachama peke yao, au ni maziwa yote yaliyoingia kituoni? Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba lita 60,000 kati yake zililetwa na watu wasio wanachama. Wao walilipwa bei ya maziwa yao na basi, bonasi haiwahusu. Ukigawanya 9,600,000 kwa lita 480,000 unapata 20. Lakini wanaolipwa ni wenye lita 420,000, na 420,000 mara 20 ni 8,400,000. Iko wapi 1,200,000 iliyobaki?

Jibu la halali lipo. Katika ushirika, faida iliyotokana na biashara na watu wa nje haistahili kuingia mifukoni mwa wanachama kama bonasi, kwa sababu si wao walioizalisha kwa maziwa yao. Kwa kawaida hupelekwa kwenye mfuko wa akiba wa chama usiogawanywa. Kama chama chako kimefanya hivyo, pesa hiyo itaonekana: mfuko wa akiba utakuwa umeongezeka kwa fungu lake la kawaida pamoja na hiyo 1,200,000, na kutakuwa na maneno kwenye maelezo ya hesabu. Kama mkutano uliamua fungu lote ligawanywe kwa wanachama, basi kigawanyo kilipaswa kuwa 420,000 na kiwango kingekuwa karibu shilingi 22.86 kwa lita. Lita zako 3,100 zingeleta zaidi ya 70,800 badala ya 62,000. Njia zote mbili zinaeleweka. Njia ya tatu, ambapo juu wamegawanya kwa lita za wote na chini wakalipa wanachama tu, huku salio halionekani kwenye mfuko wowote, hiyo ndiyo ya kupigia kelele.

Njia ya kuigundua haihitaji uone malipo ya kila mtu, na chama kina haki ya kukukatalia kupekua mistari ya wenzako. Omba jumla tu: jumla ya lita zilizolipiwa bonasi, jumla ya bonasi iliyolipwa, jumla ya gawio lililolipwa. Kisha ulinganishe na 480,000, na 9,600,000, na 3,600,000. Tofauti ya mia chache ni ya kukata senti. Tofauti ya laki inahitaji maelezo ya maandishi. Nawe kumbuka kwamba kama kweli lita zako 835 zimekwama kwenye namba isiyo na mwenyewe, nazo ziko ndani ya tofauti hiyo, na huenda hauko peke yako. Wangapi walibadilishiwa kadi Oktoba? Kama ni wote, uliza kwa nini jirani yako kapona. Huenda lita zake chache zote ni za kabla ya Oktoba, labda ng'ombe wake alikauka miezi ya mwisho, au jina lake liliandikwa vilevile kwenye kadi zote mbili.

Niongeze neno kuhusu uwiano wenyewe, maana nimesoma hasira yako kati ya mistari. Kwenu fungu la hisa ni 3,600,000 na la maziwa ni 9,600,000. Mimi naona huo ni mgawanyo wa kiushirika hasa. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walipanga hivyohivyo: mtaji ulipwe kiasi chenye mpaka, na kinachobaki kirudi kwa wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua dukani. Jirani yako amepata zaidi yako kwa sababu pesa yake ya mtaji ni mara tatu ya yako, tena imekaa mwaka mzima, wakati baadhi ya yako imekaa robo ya mwaka. Ila kila mwaka mkutano mkuu unaweza kubadilisha asilimia ya gawio ndani ya mipaka ya masharti. Siku wenye hisa nyingi watakapopendekeza asilimia 8 iwe 20, fungu la hisa litakuwa milioni 9, la maziwa litabaki 4,200,000, na lita yako itashuka kutoka shilingi 20 hadi 8.75. Piga hesabu hiyo hapo hapo kwenye kiti chako kabla hujanyoosha mkono. Kura yako ni moja na yake ni moja, hata kama ana hisa 120.

Usichanganye pia bonasi na malipo ya pili ya bei. Kuna vyama vinavyolipa bei ndogo kwanza, halafu baada ya kuuza vinaongeza shilingi kadhaa kwa lita. Hiyo ni bei ya maziwa yako, ni gharama ya chama, na kwenye hesabu ya mapato na matumizi hukaa juu ya mstari wa ziada. Bonasi hukaa chini yake. Kama mwaka huu mlipewa nyongeza ya bei na viongozi wakaihesabu tena kama sehemu ya hizo shilingi 20, mmelipwa kitu kimoja kwa majina mawili. Kwa jinsi ulivyoeleza sioni dalili hiyo, lakini dakika mbili za kuangalia ukurasa huo zinatosha.

Ukurasa huo uwe wa hesabu zilizokaguliwa. Vyama vingi vya kwetu hukaguliwa na COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na ziada inayogawanywa ni ile iliyothibitishwa na mkaguzi, si ile aliyoitaja mwenyekiti kwa kukadiria. Kama milioni 24 ilitangazwa kabla ya ripoti ya ukaguzi kutoka, omba kuona ripoti yenyewe.

Sasa utaratibu. Andika barua fupi kwa meneja, nakala kwa mwenyekiti wa bodi, ukae na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiandike neno "wizi" wala "dhuluma", kwa sababu mpaka sasa hesabu yako inaelekea kwenye uzembe wa kuunganisha namba. Unaweza kuandika hivi:

"Kwa viwango vilivyopitishwa na mkutano mkuu, gawio langu ni shilingi 26,000 na bonasi yangu ni shilingi 62,000, jumla shilingi 88,000. Nimepokea shilingi 71,300. Naomba taarifa ya lita zangu kwa kila mwezi kwa namba zangu zote mbili, taarifa ya hisa zangu pamoja na tarehe, na maelezo ya makato kama yapo. Naomba pia jumla ya lita za wanachama zilizolipiwa bonasi na mahali lilipowekwa fungu la lita za wasio wanachama."

Weka namba zako zote mbili za uanachama na tarehe. Wape muda unaotajwa kwenye masharti ya chama, na kama masharti yako kimya, wiki mbili ni za kiungwana. Wakikaa kimya, peleka nakala kwa Kamati ya Usimamizi ya chama chenu, ambayo kazi yake ni kuiangalia bodi. Baada ya hapo mlango ni wa Afisa Ushirika kwenye halmashauri yako, kisha Mrajis Msaidizi wa mkoa. Huko ukifika na barua isiyojibiwa, daftari na risiti, utasikilizwa haraka kuliko ukifika na malalamiko ya mdomo.

Kabla ya yote hayo, leo jioni fungua daftari ujumlishe ile miezi mitatu. Ikitoka 735, ongeza kwenye barua mstari wa hisa 10 za Oktoba na ubandike nakala ya risiti yake. Na iwe 835 au 735, waombe wakuonyeshe namba zako zimeunganishwa kitabuni, siyo kukulipa tu 16,700 kutoka droo. Namba zikibaki mbili, Desemba ijayo karani atatoa orodha nyingine, nawe huenda ukawa na hisa 40 kwenye maandishi yako na 30 kwenye yake.